Bega la Paskalia

Theonest Kalisti alikuwa amebakiwa na nafasi moja tu, naye alilikumbuka hilo kila alipofunga kifungo cha koti lake jeupe asubuhi ile ya Juni, mwaka 1953. Kanuni za mtihani wa waganga wa zahanati ziliruhusu majaribio mawili. La kwanza alikwisha kulipoteza mwaka uliotangulia, katika hospitali hii hii ya misheni iliyokuwa mwendo mfupi kutoka mjini Shinyanga, na mbele ya mtahini huyu huyu, Dokta Whitcombe.

Hakushindwa kwa ujinga. Alishindwa kwa sababu Dokta alimkazia macho, naye akabadili jibu lake mara tatu katika muda wa dakika tano. Barua ya matokeo ilikuwa na mistari miwili ambayo Theonest aliihifadhi kichwani kama mtu ahifadhivyo kovu: "Mtahiniwa huyu hajui asimame wapi. Hafai kuachiwa wagonjwa peke yake."

Kwa kijana aliyelelewa miaka minane katika shule ya bweni ya mapadre, ambako kengele ililia saa kumi na moja alfajiri na maji ya kuogea yalikuwa ya baridi Januari hata Desemba, maneno hayo yalikuwa tusi kubwa kuliko kofi. Huko walifundishwa kwamba mwanamume husema mara moja. Kwa hiyo alijiapia kuwa safari hii, jibu likishatoka, halitarudi kinywani. Akifaulu, angepelekwa kwenye zahanati mpya upande wa Geita, katikati ya wachimbaji dhahabu, mahali ambapo daktari wa karibu yuko umbali wa siku nzima kwa lori. Akishindwa, angerudi kufua bandeji hadi mvi zimwote.

"Mtahiniwa namba saba," aliita Sista Euphrasia, msimamizi wa wodi ya akina mama. "Vitanda viwili, dakika ishirini kila kimoja. Ukikabidhi karatasi ya kitanda cha kwanza hairudi. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Sista."

"Basi acha kukunja uso kama askari wa boma. Utawatisha wagonjwa wangu."

Katika kitanda cha kwanza alilala Paskalia, mwanamke wa miaka ishirini hivi, mke wa Marselino aliyekuwa akifanya kazi mgodini Geita. Kando yake, juu ya kigoda, aliketi mamamkwe wake, Mama Marselino, mwanamke mrefu mwenye shanga za buluu shingoni na bakuli la uji mapajani. Dokta Whitcombe alisimama miguuni pa kitanda akiwa na saa yake mkononi. Alikuwa Mwingereza mkavu, mwenye Kiswahili safi kilichonyooka kama rula.

Theonest alimwamkia mama yule kwanza, ilivyopasa. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Muulize upesi, uji unapoa."

Alimgeukia mgonjwa. Paskalia alikuwa na siku mbili pale wodini. Maumivu yalikuwa chini ya tumbo, zaidi upande wa kulia. Yalianza ghafla alipokuwa akiponda mahindi, yakatulia, yakarudi. Kulikuwa na damu kidogo iliyotoka kwa siku tano, nyeusi nyeusi.

"Mara ya mwisho kupata siku zako ilikuwa lini?" aliuliza Theonest.

Paskalia aliangalia shuka. Macho yake yalikwenda kwenye shanga za buluu, yakarudi.

"Ndizo hizi," alisema kwa sauti ndogo.

"Na mwezi uliopita?"

"Zilikuja."

"Zinakuja kila mwezi, mwanangu," alidakia Mama Marselino, "kama kodi. Mwaka wa pili sasa. Ningekuwa na mjukuu, ungeona nimekaa hapa na uso huu?"

Theonest aliandika: *Si mjamzito.* Alipima joto, likawa la kawaida. Mapigo ya moyo yalikuwa mia moja kwa dakika, ya haraka kidogo. Kope zilikuwa zimepauka, lakini katika nchi ya malaria na minyoo ni nani asiyepauka? Alipobonyeza chini ya kitovu, Paskalia aliuma meno. Katika chati, Sista alikuwa ameandika kuwa amepewa penisilini kwa siku mbili, na jambo hilo likamtosha Theonest kueleza kwa nini homa haikuwapo. Kila kitu kilikaa mahali pake.

"Ugonjwa wa mirija ya uzazi," alisema. "Uvimbe wa mirija uliosababishwa na vijidudu. Aendelee na penisilini, apumzike."

"Una hakika?"

Lile jicho la mwaka uliopita lilikuwa juu yake. Theonest alinyoosha mabega.

"Nina hakika, Dokta."

"Hubadilishi?"

"Sibadilishi."

Dokta alitazama karatasi yake, ile yenye majibu ambayo yeye na Sista waliyapanga jana jioni, akaandika alama. Theonest alikuwa na macho makali, akaiona kichwa chini: tisa juu ya kumi. Alikabidhi karatasi yake. Kifuani mwake kitu kilichokuwa kimekunjwa kwa mwaka mzima kilikunjuka.

Kitanda cha pili kilikuwa mbali na cha kwanza hatua nne tu, naye aliyelala humo alikuwa maarufu hospitali nzima. Mama Ghati alikuwa Mkurya, mke wa seremala, mimba yake ya sita imefika mwezi wa nane, na alikuwa amelala chali wiki ya tano sasa kwa amri ya Dokta. Kwa muda huo mrefu alikuwa amechunguzwa na watahiniwa na wanafunzi wengi hata akaujua ugonjwa wake kuliko baadhi yao.

"Njoo, kijana," alimnong'oneza mara Theonest alipoinama. "Namba tano nilimwambia, na namba sita nilimwambia. Nikuambie na wewe? Kipande cha sabuni tu."

"Nyamaza, mama. Nitakuta mwenyewe."

"Alaa! Huyu ana kiburi. Haya, kuta."

Alianza kwa maswali. Damu ilikuja vipi?

"Nilikuwa nimelala usingizi mzito. Nikaamka nimelowa. Nyekundu kabisa, kama ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi. Haikuuma hata kidogo. Ikakoma yenyewe, ikaja tena baada ya wiki. Tangu nilazwe hapa, kimya."

Theonest aliweka viganja tumboni. Tumbo lilikuwa laini, likibonyea bila kuuma. Kichwa cha mtoto kilikuwa juu, kikielea upande mmoja, hakikutaka kushuka kwenye nyonga. Aliinamisha sikio kwenye pembe ya kusikilizia, akasikia moyo wa mtoto ukipiga mbio zake za kawaida.

"Sema," alisema Dokta.

"Damu ya miezi ya mwisho, Dokta. Kuna sababu mbili kubwa za kutenganisha. Kondo likibanduka kabla ya wakati, mama huwa na maumivu yasiyoachia, tumbo hukaza kama ubao, moyo wa mtoto hupotea au huwa dhaifu. Damu inayoonekana ni nyeusi na huenda ikawa kidogo, kumbe nyingi imefungika ndani, na mama huzidiwa kuliko inavyolingana na damu unayoiona. Mama huyu hana hata kimoja. Damu yake ni nyekundu, haiumi, inakuja na kwenda, tumbo ni laini na kichwa kiko juu. Kondo limetangulia. Limekaa njiani, mbele ya mtoto."

"Namba tano alichukua robo saa kusema hivyo," alisema Mama Ghati akitazama dari, "na sabuni alinipa."

Dokta alijifanya hakusikia. "Kitendo cha kwanza?"

Theonest alifungua kinywa kujibu. Wakati huo huo, nyuma yake, palitokea purukushani.

Paskalia alikuwa ametoka chooni akishikiliwa na mamamkwe wake. Magoti yake yalilegea mlangoni. Sista Euphrasia aliwahi kumdaka, akamlaza chali, akautoa mto, akaingiza tofali moja moja chini ya miguu miwili ya kitanda, upande wa nyayo, ili kichwa kiwe chini na damu irudi kwenye ubongo. Alifanya kazi hiyo bila papara, kama mtu aliyekwisha kuifanya mara mia.

"Kizunguzungu tu," aliwaambia. "Hajala tangu jana. Endeleeni."

"Kitendo cha kwanza, namba saba," alirudia Dokta. "Saa inakwenda."

Theonest alirudisha uso kwa Mama Ghati. Ndipo aliposikia, nyuma ya mgongo wake, sauti ndogo ya Paskalia ikimwita mamamkwe wake kwa Kisukuma.

"Mayu, nikande bega."

"Bega gani tena?"

"Hili la kulia. Hapa juu. Limeanza nilipolazwa hivi."

"Ni ndoo za maji hizo," alisema Mama Marselino. "Nilikuambia usibebe mbili. Lete nikukande, halafu unywe uji."

Mkono wa Theonest uliganda juu ya shuka la Mama Ghati. Bega halikuuma alipokuwa amelalia mto. Limeuma baada ya kichwa kushushwa. Kuna kitu ndani ya tumbo kilichotiririka kuelekea juu, hadi chini ya kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua, na kiwambo hicho hulalamikia begani. Usaha wa mirija haukimbii hivyo. Damu hukimbia.

Akayaona yote upya, moja baada ya jingine, na kila moja lilimchoma. Joto la kawaida. Maumivu ya ghafla, upande mmoja. Damu nyeusi kidogo aliyoiita hedhi kwa sababu mgonjwa aliiita hedhi. Na yale macho yaliyokwenda kwenye shanga za buluu kabla ya kujibu! Yeye, mwana wa Wasukuma, alimuuliza mke mchanga juu ya tumbo lake huku mamamkwe ameketi umbali wa mkono. Mzungu angesamehewa. Yeye hakuwa na udhuru.

Lakini karatasi ilikuwa imekabidhiwa. Tisa juu ya kumi. *Hajui asimame wapi.* Angeweza kumaliza dakika zake kumi na moja zilizosalia, akapata cheti, kisha amnong'oneze Sista. Kwani dakika kumi na moja ni nini?

Alijua ni nini. Alijua vizuri mno.

"Dokta," alisema, "nimekosea kitanda cha kwanza."

Dokta Whitcombe aliinua macho polepole.

"Uko kitanda cha pili."

"Najua, Dokta. Jibu langu la kwanza si sahihi. Naomba ruhusa nirudi."

"Kanuni unaijua. Mwaka jana ulibadilisha mara tatu. Leo ulisema una hakika, nilikuuliza mara mbili. Ukiondoka kwenye kitanda hiki, umekiacha."

"Basi nimekiacha."

Alizipiga zile hatua nne. Mama Marselino alikuwa amekwisha kuinua kijiko cha uji. Theonest alikishika kijiko kwa adabu, akakirudisha bakulini, akalichukua bakuli.

"Samahani, mama. Asile kitu. Huenda akapelekwa kupasuliwa sasa hivi. Nakuomba umsubiri Sista nje, barazani."

"Unifukuze kwa mkwe wangu? Wewe mtoto wa nani?"

"Mtoto wa Kalisti. Ukitaka kunishitaki kwake, nitakupeleka mwenyewe. Lakini toka kwanza, mama, nakusihi."

Kulikuwa na kitu katika sauti yake, si ukali, kilichomwinua mama yule kigodani. Alitoka akinung'unika. Theonest alipiga goti kando ya kitanda na kushika kifundo cha mkono wa Paskalia. Mapigo: mia thelathini na mbili, membamba kama uzi. Ngozi ilikuwa baridi yenye unyevu.

"Dada Paskalia, hayupo tena. Niambie mimi peke yangu. Miezi mingapi?"

Machozi yalitangulia maneno.

"Miwili," alisema. "Miwili haikuja. Hizi za sasa ni matone tu. Kwao mimba ya kwanza haisemwi na mwenyewe, inasemwa na mama mkwe akishaiona. Nilisema nikitaja nayo ikaharibika... wameshaniita tasa, kaka. Usimwambie."

"Sitamwambia. Utamwambia wewe, ukipona."

Akasimama na kumkabili mtahini. Hakunyoosha mabega safari hii. Hakukumbuka kuwa anayo.

"Dokta, ni mimba iliyotunga nje ya mji wa mimba, ndani ya mrija, na mrija umepasuka. Ana miezi miwili. Bega linauma akilala kichwa chini. Mapigo yalikuwa mia, sasa mia thelathini na mbili. Anavuja damu ndani, na dawa yake ni kisu tu."

Dokta Whitcombe alikuja, akabonyeza tumbo, akasikia lilivyojaa na kukataa vidole. Akaomba sindano ndefu, akasafisha ngozi pembeni mwa tumbo, akachoma, akavuta. Bomba lilijaa damu nyeusi. Aliimimina katika bilauri, akaiinamisha huku na huku, macho yake yakienda kwenye saa. Dakika moja. Mbili. Damu haikuganda. Ingekuwa imetoka kwenye mshipa uliochomwa kwa bahati mbaya, ingeganda. Hii ilikwisha kukaa tumboni.

"Sista," alisema, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi, "tayarisha chumba cha upasuaji. Namba saba, mshipa."

Mishipa ya Paskalia ilikuwa imelala. Theonest alifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa, akakosa mara moja, akapata ya pili. Maji ya chumvi yalianza kushuka kutoka kwenye chupa.

"Damu ya kumwongezea?" aliuliza Dokta wakisukuma machela.

"Mumewe yuko Geita. Mama yake mkwe hatakubali kutolewa, wanasema damu yao inauzwa. Kumbembeleza kutachukua saa nzima."

"Hatuna saa."

"Anayo yake mwenyewe, Dokta. Iko tumboni, ni mbichi, haina usaha. Nimesoma kuwa huchujwa ikarudishwa."

Dokta alimtazama kwa nukta moja tu. "Nimeifanya mara mbili. Chemsha kata ya kuchotea, na kitambaa cha shashi, ukikunje mara nane. Sista anajua chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda."

Etha ya kumlaza usingizi ilidondoshwa juu ya barakoa. Kisu kilipofungua tumbo damu ilifurika, na Theonest, mikono imeoshwa hadi viwiko, alisimama akiiteka kwa kata, kata baada ya kata, na kuimimina juu ya shashi iliyofunika mdomo wa chupa. Dokta alipenyeza mkono humo ndani bila kuona, akatafuta kwa vidole, akauinua mrija wa kulia uliopasuka, akaubana. Kutoka hapo kiwango cha damu hakikupanda tena. Alifunga, akakata, akatazama mrija wa kushoto.

"Huu mzima," alisema. "Anaweza kuzaa."

Chupa mbili zilijaa. Zilitundikwa, na damu ya Paskalia ikarudi kwake kwa njia ya mkono. Theonest alihesabu mapigo: mia thelathini, mia ishirini na nne, mia na kumi. Midomo iliyokuwa ya majivu ilianza kupata rangi.

Ilikuwa imepita saa saba mchana waliporudi wodini. Theonest alikuwa anafungua koti ili alirudishe stoo.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Dokta Whitcombe.

"Nimeacha kitanda, Dokta. Mtihani wangu umekwisha."

"Mtihani ulisimamishwa na mtahini kwa ajili ya upasuaji. Kanuni zinaniruhusu hilo. Ulibakiza dakika kumi na moja." Akatoa saa. "Kitendo cha kwanza."

Mama Ghati aligeuza kichwa juu ya mto. "Nimekungoja, Mwenye Kiburi. Sikutokwa damu, na siri sikumpa namba nane."

Theonest alifunga tena vifungo vya koti. "Kitendo cha kwanza ni kile nisichofanya. Siingizi kidole kwenye njia ya uzazi. Kondo likiwa njiani, kidole kitalitoboa au kulibandua, na damu itakayokuja sitaweza kuizuia. Namlaza, namwekea mshipa, natafuta kundi la damu yake, namleta hospitali yenye chumba cha upasuaji. Kama hatoki damu na mtoto hajakomaa, tunangoja, kama ulivyomngoja mama huyu. Atachunguzwa ndani ya chumba cha upasuaji tu, kila kitu kikiwa tayari kwa kumpasua."

"Na mimi nikikuamuru umpime kwa kidole hapa, sasa hivi?"

"Nitakataa, Dokta."

"Nikisema utashindwa mtihani?"

"Umeshaniona nikishindwa."

Mama Ghati alicheka hadi Sista akamtuliza kwa mkono. Dokta aliandika kitu, kisha akavuta karatasi ya kitanda cha kwanza, ile yenye tisa juu ya kumi.

"Hii nayo," alisema, "inaleta taabu. Jibu lako lilikuwa sawa na letu, na letu lilikuwa baya. Naweza kuiacha alama ilivyo. Hakuna atakayeuliza."

"Ifute, Dokta. Nilimuuliza mbele ya mamamkwe wake, nikaandika alichosema. Jibu lile lingemuua."

Dokta Whitcombe alipiga mstari juu ya tisa na kuandika sifuri. Chini yake, kwa kalamu ile ile, aliandika jina lake mwenyewe na maneno ambayo Theonest hakuyaona.

Matokeo yalibandikwa baada ya wiki mbili. Alama za vitanda zilijumlishwa na za karatasi za maandishi, na alama ya kufaulu ilikuwa sitini kwa mia. Namba saba alipata sitini na moja, ya chini kuliko wote waliofaulu. Aliisoma mara moja, akaondoka. Mwezi Agosti lori lilimshusha kwenye zahanati ya Geita, yenye chumba kimoja kisicho na mlango. Kabla hajapanga dawa kwenye rafu, alimtafuta seremala amtengenezee vitu viwili: mlango wenye komeo, na benchi refu la kuwekwa nje, mbali kidogo, kivulini. Wachimbaji walimcheka, wakaliita Benchi la Wakwe.

Hakuwajali. Kila mama mzee aliyefika akiwa ameshika mkono wa mke wa mwanawe, Theonest alimwamkia kwa heshima zote, akampeleka hadi benchi, akamketisha. Kisha akaingia ndani na yule mke, akafunga mlango, akauliza.